Kalenda ya Mimba na Kalenda ya Mishahara

Mimba yangu ya kwanza, mwaka 2021, nilianza kliniki nikiwa na wiki 24. Si kwamba sikujua. Nilikuwa nimeajiriwa miezi minne tu, niko kwenye kipindi cha majaribio, na nilijipigia hesabu za mtu mwoga: nikichelewa kuanza, nitaomba ruhusa mara chache. Kazi yangu ni karani wa mishahara kwenye kampuni ya maghala hapa Dar es Salaam, watu kama 140 hivi, na nilidhani kila ruhusa ninayoomba inaandikwa mahali.

Hesabu ile ilinigeukia. Siku ya kwanza tu kliniki, kipimo cha wingi wa damu kilisoma 8.6, wakati mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Muuguzi akaniandikia vidonge vya damu mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na akanitaka nirudi kila baada ya wiki mbili waangalie kama damu inapanda. Nikajikuta naomba ruhusa mara nyingi kuliko aliyeanza mapema. Halafu sikuwa na uhakika wa tarehe ya hedhi yangu ya mwisho, na ultrasaundi nilipiga nikiwa wiki ya 28 huko, wakati ambapo kipimo chenyewe kinaweza kupishana na ukweli kwa wiki mbili hadi tatu. Tarehe ya kujifungua kwenye kadi ikafutwa ikaandikwa nyingine. Barua yangu ya likizo ya uzazi ikawa na tarehe ambayo hata mimi siiamini. Hadi najifungua nilikuwa nimehudhuria mara tisa, na karibu kila mara siku nzima ya kazi ilipotea, kwa sababu sikujua kliniki inavyokwenda.

Kwa hiyo mwaka jana nilipoona siku zimepita, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi aliyoleta mume wangu, na kalamu nyekundu.

Siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho ilikuwa Jumatatu, tarehe 6 Januari 2025. Hesabu ya kliniki inaanzia hapo, si siku uliyoshika mimba. Ukiongeza siku saba na kurudi nyuma miezi mitatu unapata tarehe ya matazamio: 13 Oktoba. Ni siku 280, yaani wiki 40 kamili. Na kwa kuwa mimi nilianzia Jumatatu, kila Jumatatu nilikuwa naingia wiki mpya, jambo lililorahisisha sana kuhesabu.

Mahudhurio siku hizi ni manane. Zamani yalikuwa manne, na bado utamsikia shangazi yako akisema kliniki ni mara nne. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo mwaka 2016: la kwanza kabla ya wiki 12 kuisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Nikaziweka zote kwenye kalenda, na hapo ndipo nilipocheka peke yangu sebuleni. Wiki ya 12 inatimia 31 Machi, na Idi ilikuwa inategemewa siku hizohizo kutegemea mwezi utakavyoandama. Wiki ya 20 ni 26 Mei, katikati ya mishahara. Wiki ya 26 ni 7 Julai, Sabasaba yenyewe. Wiki ya 40 ni 13 Oktoba, na kesho yake ni siku ya Nyerere.

Na mimi nina kalenda yangu nyingine. Tarehe 24 hadi 28 ya kila mwezi hanitoi mtu mezani, kwa sababu mishahara inatoka 28. Kodi ya mishahara inatakiwa iwe imefika TRA kabla tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijaisha, kwa hiyo na hiyo tarehe 7 siiachi wazi. Siku nyingine zote zinazungumzika.

Basi kazi ikawa kujua ni hudhurio gani linasogezeka na lipi halisogezeki, na kusogeza kuelekea upande gani.

La kwanza linasogezeka kwenda mbele ya tarehe tu, yaani mapema. Sikusubiri wiki ya 12. Nilikwenda Jumanne 18 Machi, wiki ya 10 na siku moja. Hili ndilo hudhurio refu kuliko yote na ndilo pekee nililoliombea siku nzima. Siku hiyo wanafungua kadi, wanauliza historia yote, wanapima urefu, uzito, presha, mkojo, kundi la damu, wingi wa damu, VVU, kaswende, na malaria. Pia wanataka uje na mwenza, apimwe na yeye. Hapa nina neno kwa wanaume wanaosoma: kituo chetu cha afya, kama vingi ninavyovijua, wanaokuja wawili huhudumiwa kwanza. Mume wangu ni fundi umeme, alinung'unika kupoteza kazi ya siku moja ya watu wa Kigamboni, lakini tulifika saa 12:40 asubuhi na saa 6 mchana tulikuwa tumetoka. Mwaka 2021 nilipokwenda peke yangu nilitoka saa 9 alasiri, na nililazimika kwanza kurudi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuchukua barua ya kueleza mwenza yuko wapi. Hiyo barua pekee ilinila siku nyingine nzima.

Siku hiyo nilichomwa sindano ya pepopunda, nikapewa vidonge vya damu na chandarua. Na nikakosolewa. Nilikuwa nimejinunulia duka la dawa foliki asidi, nikaitoa kwenye mkoba kwa majivuno kwamba mimi nimejiandaa. Muuguzi akageuza kopo akasoma: miligramu 5. Akaniambia niache, kwa sababu hizi za kliniki zimeshachanganywa na foliki kiasi cha miligramu 0.4 kinachotosha, na ile ya miligramu 5 ikiwa mwilini inaipunguzia nguvu dawa ya kukinga malaria nitakayoanza kupewa mwezi unaofuata.

Dawa hiyo, SP, ndiyo inayovuruga jedwali la mahudhurio manane, na hakuna aliyewahi kuniambia mapema. Ukiangalia jedwali, kati ya wiki ya 12 na ya 20 hakuna kitu. Lakini kwetu kwenye malaria dozi ya kwanza ya SP inatakiwa itolewe mara tu miezi mitatu ya mwanzo ikipita, na sindano ya pili ya pepopunda inafuata angalau wiki nne baada ya ya kwanza. Kwa hiyo kuna hudhurio la ziada kati ya wiki ya 13 na 16, la dawa zaidi kuliko vipimo. Nikaliweka Jumatano 23 Aprili. Jumatatu ilikuwa ya Pasaka, na Jumanne baada ya sikukuu kliniki hujaa mpaka nje kwenye mwembe. Siku hiyo nilimeza SP vidonge vitatu mbele ya muuguzi, nikapewa na dawa ya minyoo, ambayo nayo haitolewi miezi mitatu ya mwanzo. Saa 4 asubuhi nilikuwa kwenye daladala.

La wiki ya 20 nililirudisha nyuma, nikaenda Jumanne 20 Mei ili nisigongane na mishahara. Presha, uzito, mkojo, kimo cha mimba, kila kitu safi. Nikafika kwenye meza ya dawa, dada akaangalia kadi, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda iliyobandikwa nyuma yake, akahesabu tena.

"Mama, hizi siku ishirini na saba."

"Si mwezi huo?"

"Wiki nne ni siku ishirini na nane. Rudi kesho."

Nilimwomba anipe nikameze kesho nyumbani. Akakataa. SP ya kliniki inamezwa pale pale, yeye akikuona, ndipo anaandika kwenye kadi na kwenye rejista. Sikuwa na wa kumlaumu; mimi ndiye ninayekagua mahudhurio ya wafanyakazi 140 kila mwezi na sikuweza kuhesabu siku zangu mwenyewe. Jumatano nikapita asubuhi sana, nikanywa vidonge vyangu vitatu kwa maji ya chupa, dakika kumi, nikaenda kazini. Tangu hapo kila nilipopanga tarehe nilianza na swali la siku 28 tangu dozi iliyopita, kisha ndipo naangalia wiki.

Ultrasaundi sikuipiga siku ya kazi kabisa. Mwongozo ni ipigwe kabla ya wiki 24, na ina faida kubwa zaidi kwenye kuhakiki umri wa mimba ikipigwa mapema. Nilikwenda kituo binafsi cha vipimo Jumamosi mchana mwezi Aprili, nikalipia mwenyewe. Tarehe yake ilipishana na yangu kwa siku tatu, wakaacha ya hedhi. Hii tarehe ikishakuwa imara, mambo ya ofisini yote yanalala juu yake.

Sasa tuje huko ofisini. Nilisoma mkataba wangu na kijitabu cha taratibu za wafanyakazi mara mbili: hakuna mahali palipoandikwa ruhusa ya kliniki. Kuna likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya msiba. Mara ya kwanza nilikuwa nakwenda kwa bosi asubuhi ile ile au jioni ya kuamkia, na sura yake ilikuwa inanifanya nitamani kutokwenda. Safari hii, mwezi wa nne, nilimpelekea dada wa utumishi karatasi moja yenye tarehe zote hadi Septemba. Kila tarehe nikaandika saa nitakayoingia kazini na nani atakaa kwenye meza yangu. Niliomba nusu siku, si siku, na nikasema nitafidia Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, ambayo kwa kawaida tunafanya zamu. Niliambatanisha nakala ya kadi. Akaisoma akasema, "Kumbe unajua mpaka ya Septemba?" Hakuna aliyekataa tarehe hata moja. Nadhani kilichokuwa kinawakera mwanzo ni kushtukizwa.

Nusu siku inawezekana kwa sababu mahudhurio ya marudio ni mafupi, mradi ufike mapema na uepuke Jumatatu na siku inayofuata sikukuu. Kwetu elimu ya afya inaanza saa 2 asubuhi, kadi zinapangwa kwa kufuata aliyefika, na foleni ndefu ni ya maabara, si ya kupimwa tumbo. Nilikuwa naacha mkojo maabara kabla ya kukaa, ili majibu yatoke wakati naitwa kupimwa presha. Saa 4:30 nimetoka, saa 6 niko mezani.

Wiki ya 26 nilikwenda Jumatano 9 Julai, siku mbili baada ya Sabasaba. Tarehe hiyo ilikuwa na kazi nyingine niliyoipanga kwa makusudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matazamio, ikiwa na cheti cha daktari. Miezi mitatu kabla ya 13 Oktoba ni 13 Julai, ambayo ilikuwa Jumapili. Kwa hiyo tarehe 9 nikamwona daktari wa kituo akaniandikia cheti, na Alhamisi tarehe 10 barua ikawa mezani kwa utumishi, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ukipanga hudhurio la wiki ya 26, lipange kabla ya wiki ya 27, maana hapo ndipo miezi mitatu inapobaki.

Kisha 6 Agosti, siku 28 kamili tangu SP ya Julai. Kisha Alhamisi 4 Septemba, wiki ya 34, walirudia wingi wa damu (11.8, nilitamani kumwonyesha yule muuguzi wa 2021) na VVU, kwa kuwa kipimo cha mwanzo kilikuwa cha karibu miezi sita nyuma. Tukajaza mpango wa kujifungua: hospitali gani, nani atanisindikiza, usafiri wa usiku ni wa nani.

Hadi hapa ningeweza kukuambia kila hudhurio lina nafasi ya wiki moja ya kuchezea huku au huku. Kuanzia wiki ya 36 siwezi. Jumatano 17 Septemba nilikaa kwenye benchi na dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, tumbo karibu sawa na langu. Alikuwa anasahihisha madaftari pale pale, ameyaweka juu ya tumbo kama meza. Akaniambia nusura asije, maana wiki hiyo shule ilikuwa na mitihani na yeye hajisikii vibaya popote. Akaitwa kwenye presha kabla yangu. Muuguzi akapima, akasubiri, akapima tena mkono wa pili. Akamuuliza kama kichwa kinauma, kama anaona maruweruwe, hapana, hapana. Mkojo ukarudi una protini. Ndani ya nusu saa alikuwa ameandikiwa rufaa na gari la wagonjwa limewashwa, na madaftari yamebaki kwenye benchi. Nikayakusanya nikampa ndugu yake aliyemfuata baadaye. Kifafa cha mimba hujitengeneza hivyo, kimya kimya, mara nyingi wiki za mwisho, na wakati mwingine dalili pekee iko kwenye mashine ya presha na kwenye kile kichupa cha mkojo. Ndiyo sababu tarehe zinakaribiana mwishoni, kila baada ya wiki mbili.

Bahati ni kwamba hizo za mwisho zinaangukia ndani ya likizo ukiipanga. Sheria inatoa siku 84 za malipo, 100 kwa mapacha, na unaruhusiwa kuanza wiki nne kabla ya tarehe. Lakini siku ni zile zile. Ukianza wiki ya 36, siku 28 zinaliwa kabla mtoto hajazaliwa, unabaki na 56. Mwaka 2021 nilifanya hivyo, nikarudi kazini mwanangu Nasra akiwa na wiki saba, maziwa yanavuja kwenye blauzi mbele ya mkaguzi wa hesabu. Safari hii likizo yangu ya mwaka, siku 28, nilikuwa sijaigusa. Nikaigawa. Siku 14 nilianza nazo Jumatatu 22 Septemba, wiki ya 37. Ni kweli niliwaachia mishahara ya Septemba, lakini mwenzangu alikuwa ameshaifanya ya Agosti nikimwangalia. Ya uzazi ikaanza 6 Oktoba hadi 28 Desemba. Siku 14 zilizobaki zikafuata hapo, nirudi Jumanne 13 Januari, maana Jumatatu tarehe 12 ni sikukuu ya Mapinduzi. Likizo mbili haziendi kwa wakati mmoja lakini zinaweza kufuatana, mwajiri akikubali, na wangu alikubali kwa kuwa barua ilikuwa na tarehe zote tangu Julai.

Nikijumlisha nilichoondoa kazini kwa mimba yote: siku moja nzima, nusu siku sita, na zile dakika za SP ya Mei. Siku nne na dakika hizo. Mwaka 2021 zilikuwa tisa, na ile ya mwenyekiti ya kumi.

La wiki ya 38 nilikwenda 30 Septemba nikiwa tayari likizo, bila kukimbilia daladala. La mwisho nilikuwa nimeliandika Jumatano 15 Oktoba ili kuikwepa siku ya Nyerere, lakini mtoto alikuja Alhamisi tarehe 9. Tarehe 15 tulikwenda vilevile, yeye ana siku sita, nikapimwa mimi presha na yeye kitovu. Muuguzi akafungua kadi mpya akaandika tarehe za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Nikamwomba kalamu nikahesabu pembeni. Wiki ya 14 inatimia Alhamisi, 15 Januari, siku yangu ya tatu tangu nirudi kazini. Si ya mishahara.

Barua ya nusu siku niliiandika jioni ile ile.